Mzee Aliyeharakishwa

Ifahamike kwa wafanyakazi wote, wa kudumu na vibarua, kwamba mwendo wa pole ndio lugha ya hisia, na kwamba kuanzia sasa hakuna kazi itakayotoka katika studio hii bila dakika moja kamili ya mwendo huo. Ndivyo ulivyosema waraka wa Mkurugenzi. Ulikuwa na mhuri mara mbili, pengine kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu, na ulibandikwa juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo kila mtu husimama na hakuna anayesoma.

Mama Mkato aliusoma. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa amekaa katika chumba cha nyuma cha studio, pazia limeshushwa, akikata harusi, mahafali na maziko ya watu ili yatoshe katika nyimbo. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, likamfuata hadi nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alimpokea kila jioni kwa swali moja.

"Leo umemkata nani?"

"Shangazi wa bwana harusi."

"Kakosa nini?"

"Alikuwa anatafuta miwani. Dakika mbili nzima."

"Akaipata?"

"Sijui, nilishamkata."

Kuhusu mwendo wa pole alikuwa na imani yake, ambayo hakuibandika popote. Alisema mwendo wa pole haupikwi, huvunwa. Mpiga picha akitaka kitambaa cha bibi harusi kielee kama moshi, aamue akiwa bado ameshika kamera: apige picha hamsini kwa kila sekunde, halafu zichezwe ishirini na tano kwa sekunde. Hapo sekunde moja inakuwa mbili, na kila picha ndani yake ni ya kweli. Lakini ukileta video iliyopigwa picha ishirini na tano tu na kutaka iende nusu ya kasi, unadai picha nyingine ishirini na tano ambazo hakuna aliyezipiga. Ukiirudia kila picha mara mbili, mtu anatembea kama anasukumwa mgongoni. Ukizichanganya picha mbili jirani, anakuwa na mikono minne, miwili yake na miwili ya mzimu wake. Ukiiachia kompyuta ibuni za katikati, inabuni. Na kompyuta, alisema Mama Mkato, ni kama jirani, ilichokiona nusu hukisimulia kizima.

Wakati mwingine jirani husema kweli. Uso unaogeuka taratibu mbele ya ukuta mtupu, kompyuta huubunia vizuri hata mama mzazi asijue. Tabu huanza pale kitu kinapopita mbele ya kingine.

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuja bibi harusi. Studio humwita hivyo kila mteja wa kike, hata akija na wajukuu. Huyu alikuwa ameolewa miaka kumi na miwili iliyopita, ana watoto watatu, na alishika diski ya harusi yake ndani ya bahasha kama mtu aliyeshika matokeo ya hospitali.

"Mama, shikamoo. Nina shida ya sekunde sita."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Sekunde sita ni nyingi."

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake alifariki mwaka jana. Jumamosi hiyo familia ingekutana kumkumbuka. Katika diski nzima ya saa moja na nusu, baba alionekana peke yake mara moja tu: ukumbini, akibeba kiti cha plastiki kutoka safu ya nyuma hadi meza ya mbele, akakiweka chini, akakibonyeza kwa kiganja kuona kama kimetulia, ndipo mkewe akaketi. Sekunde sita. Wajukuu walizipenda mno. Kila wikendi waliziweka na kucheka, kwa sababu babu alikuwa anakwenda mbiombio kama mhudumu aliyeitwa na meza tatu kwa mpigo. Walimwita Babu Moto.

"Na mama yako?"

Bibi harusi alikunja bahasha, akaikunjua.

"Mama huinuka akatoka. Tangu msiba hajaitazama hata mara moja. Nikimuuliza anasema, 'Huyo si baba yenu.' Tukadhani ni uchungu. Juzi nikambana, akasema, 'Baba yenu hakuwahi kukimbia mbele yangu.' Basi nikafikiri mkimpunguza mwendo, kidogo tu, labda Jumamosi atakaa."

"Akikataa tena?"

"Picha nyingine ya baba akitembea hatuna, Mama. Hakupenda kamera. Ni hiyo, au mama amkumbuke peke yake na sisi tuendelee kumcheka."

Mkurugenzi, ambaye alikuwa na kipaji cha kupita mlangoni panapotajwa mwendo wa pole, alichungulia.

"Sekunde sita tunazifanya sitini. Mara kumi! Hiyo ndiyo dakika ya waraka."

"Mara kumi huyo mzee atafika mezani harusi imeshavunjika," alisema Mama Mkato.

"Teknolojia ipo, Mama. Tuwe na imani."

Akaenda zake, akiiacha imani mlangoni.

Mama Mkato aliingiza diski. Kwanza alimpunguza mzee hadi theluthi mbili ya kasi, akaiachia kompyuta ibuni. Akatazama. Mzee alielea ukumbini katika mwanga wa manjano, mzuri, laini, kama anayetembea chini ya maji. Halafu alipopita mbele ya meza, miguu ya kiti ikakutana na miguu ya meza na kompyuta ikashindwa kujua ipi ni ya nani. Ikaigawa kwa haki. Meza ikatembea kidogo, kiti kikayeyuka kama mshumaa, na vidole vya mzee vikarefuka hadi kwenye kitambaa cha jirani, vikarudi.

"Uwii," alisema bibi harusi.

"Usiogope. Hayo huwa."

Akazima ubunifu, akaacha picha kama zilivyo. Kiti kikapona. Lakini sasa mzee alikuwa anachechemea: hatua inakwenda, inakwenda, inaruka. Inakwenda, inaruka.

"Baba yako alikuwa na mguu mbovu?"

"Baba? Alikwenda kwa miguu kila siku hadi mwezi wa mwisho."

Mama Mkato alizipitia picha moja moja kwa kidole. Kiti kilisogea kidogo, kisha sana, kidogo, kisha sana. Mwili wa mtu haufanyi hivyo. Mkono unaobeba kiti husogea sawasawa, picha kwa picha, labda mwenye mkono ashtuke. Hapa kulikuwa na pengo baada ya kila picha mbili, lenye mpangilio, kama meno ya mtoto wa darasa la pili.

Ukutani nyuma ya mzee palikuwa na saa kubwa ya ukumbi, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Akarudisha diski kwenye kasi yake ya kawaida, akaweka simu yake mezani ihesabu muda, akacheza zile sekunde sita. Mshale mwekundu uliruka mara tisa.

Aliisimamisha picha hapohapo. Bibi harusi akadhani mashine imekwama.

"Imegoma?"

"Haijagoma," alisema Mama Mkato. "Mwanangu, rudi kesho kutwa. Na mwambie mama yako…" Akajikata mwenyewe. "Usimwambie kitu kwanza."

Sekunde tisa zilikuwa zimebanwa kuwa sita. Ili kufanya hivyo, kompyuta ya wakati ule ilitupa picha moja katika kila tatu, sabini na tano kwa jumla, na ukizitupa picha haziendi popote pa kuzifuata. Aliyebana hakuwa na haja ya kutafutwa. Miaka kumi na miwili iliyopita chumba hiki cha nyuma kilikuwa na mhariri mmoja. Hata sababu aliikumbuka: wimbo wa kuingia ukumbini ulikuwa mfupi, na yeye alitaka mama aketi pale ngoma inapopiga mara ya mwisho. Alikuwa amejisifu kwa mkato ule. Alikuwa hata amemwonyesha mumewe.

Jioni hiyo mumewe alimuuliza, "Leo umemkata nani?"

"Mtu niliyemkata zamani. Kumbe anavuja damu mpaka leo."

Mwalimu wa hesabu aliweka kikombe chini. Kwa miaka ishirini na sita hilo lilikuwa jibu la kwanza lisilo na miwani ya mtu ndani yake.

Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita kwa Jicho.

Jicho ndiye aliyepiga harusi ile. Siku hizi alikuwa ameacha kamera na kufuga kuku wa mayai, na alisema tofauti ni ndogo, kwani kuku nao hawatulii ukiwaomba. Studio ilikuwa na kanuni ya kufuta na kutupa kila kitu baada ya miaka miwili. Jicho alikuwa na kanuni ya kutotupa kitu. Kanda zake zilikaa katika makasha ya mayai stoo, kila moja katika kishimo chake, na hazikuandikwa majina ya maharusi, kwa kuwa maharusi, alisema, hufanana. Aliziandika kwa chakula alichopewa.

"Shemeji, harusi ipi hiyo?" aliuliza, maana alikuwa rafiki wa mumewe.

"Ukumbi wenye saa kubwa. Mzee amebeba kiti."

"Aa. Hiyo ni 'Kuku Mgumu, Soda Moto.'" Akaipata kwa dakika nne. "Walininyima hata kiti cha kukalia. Ndiyo maana nikampiga yule mzee, nilidhani ananiletea mimi."

"Kamera ya kuchezea kanda unayo bado?"

"Ninayo. Inakohoa, lakini inayo roho. Ila Shemeji, zile nyakati zako za kubonyeza na kurukia hazipo. Kanda inatembea kwa miguu yake. Mzee yuko dakika ya arobaini na moja, na utamfikia baada ya dakika arobaini na moja."

"Si unapeleka mbele?"

"Nikipeleka mbele inakatika. Ni nzee kama mimi. Kaa."

Jicho alisafisha kichwa cha kamera kwa pamba na spiriti, akaunganisha waya kwenye kompyuta ya Mama Mkato, na wakakaa juu ya magunia ya chakula cha kuku, adhuhuri, mlango umefunguliwa nusu, vumbi likipanda na kushuka katika mwale wa jua kama lenye pa kwenda.

Kanda ilianza kutembea. Mama Mkato alikuwa hajatazama kitu kizima kwa miaka mingi. Aliona ukumbi mtupu, mtu akifunga puto. Puto likapasuka, yule mtu akatazama huku na huku, akafunga jingine. Watoto wawili walikalia ngazi bila kufanya lolote, kwa muda mrefu, kwa bidii. Mwanamke mmoja alitafuta kitu ndani ya mkoba. Mkono wa Mama Mkato ukasogea kwenye kitufe ambacho hakikuwepo. Yule mwanamke aliendelea kutafuta. Akapata leso, akaitazama, akairudisha.

"Ulikuwa unawatupa wote hawa?" aliuliza Jicho.

"Wote."

"Loo. Nami nilikuwa nasimama masaa."

Pazia la ukumbi lilijaa upepo, likapumua, likalala. Kuku walinung'unika nje. Kwa kitambo hakukuwa na tofauti kubwa kati ya mchana wa kanda na mchana wa stoo; katika yote miwili watu walikuwa wanangoja, na hakuna aliyeona kuwa ni hasara.

Dakika ya arobaini na moja mzee aliingia upande wa kushoto.

Hakuwa na haraka hata chembe. Alikibeba kiti kwa mikono miwili, mbele yake, kama sinia lenye glasi zilizojaa. Alimpisha mtoto. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba anayemngojea yupo na hataondoka. Akakiweka chini, akakibonyeza kwa kiganja, akangoja kidogo, ndipo akamtazama mkewe. Mshale mwekundu uliruka mara tisa.

"Huyu ndiye niliyempiga," alisema Jicho polepole. "Nilipoona diski yenu nilidhani kanda ilikuwa na homa."

"Hukusema."

"Nani humwambia Mama Mkato?"

Sasa, kamera zile za kanda zilikuwa na siri ambayo wahariri wa leo hawaijui kwa kuwa hawajateswa nayo. Hazikupiga picha nzima. Zilipiga nusu picha hamsini kwa sekunde, kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, na kila nusu ni ya kitambo chake. Watu wengi huziona kama kero, meno ya kitana pembeni mwa kila kinachotembea. Lakini ukizitenganisha zile nusu na kuikuza kila moja iwe picha kamili, unapata picha hamsini za kweli kwa sekunde. Ukali unapungua kidogo, ila hakuna kilichobuniwa. Mwendo wa pole, nusu ya kasi, uliovunwa bila mkulima kujua.

Siku iliyofuata Mama Mkato aliufanya. Sekunde tisa zikawa kumi na nane. Kiti hakikuyeyuka, meza haikutembea, hakuna aliyechechemea. Mzee alipita ukumbini kama wingu linalopita juu ya uwanja, na nyuma yake pazia likafumuka kama ua. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mkurugenzi aliitazama mlangoni mara tatu, akasema yuko tayari kusamehe zile sekunde arobaini na mbili zilizopungua.

Kando yake aliiweka ile nyingine, ya sekunde tisa, ambayo hakuifanyia chochote.

Alimpigia bibi harusi asifike studio, angekuja yeye. Alasiri alikuwa sebuleni kwao, kompyuta magotini, na mama wa bibi harusi amekaa kwenye kochi la pembeni, lile lililo karibu na mlango, tayari kutoka.

"Shikamoo, dada," alisema Mama Mkato, kwani mama yule alimzidi miaka kama ishirini.

"Marahaba, mdogo wangu. Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye. Na ni mimi niliyemkimbiza mume wako."

Bibi harusi alimgeukia fundi. "Mama, unasema?"

"Hakuwa anakimbia. Nilimharakisha mimi kwa mashine, nikatupa theluthi ya hatua zake. Dada, ulikuwa unasema kweli mwaka wote huu."

Mama mtu mzima hakuonyesha kushangaa. Ni binti yake aliyehitaji kuambiwa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Wimbo ulikuwa mfupi."

"Wimbo." Alilionja lile neno. "Wimbo ungengoja, mdogo wangu."

"Ungengoja, dada. Nisamehe."

"Haya, weka nione. Nikitoka, usinifuate."

Mama Mkato aliweka kwanza ile ya pole, kwa sababu fundi ni fundi hata akiwa anatubu. Mzee alielea. Mwanga ukamwagika mabegani mwake. Bibi harusi alijifuta machozi kwa kiganja. Mama yake alitazama hadi mwisho bila kusogea, akiinamisha kichwa, kama mtu anayesifu nguo dukani ambayo hataichukua.

"Nzuri sana," alisema. "Kama ndoto. Ila ukimwota mtu si kwamba amekuja. Na huyu anabeba kiti kana kwamba anataka tumwone. Yeye alikuwa anabeba kiti."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkono wa kochi, wa kujiinulia.

"Kuna nyingine," alisema Mama Mkato. "Ngoja kidogo. Ni sekunde tisa."

Akaicheza. Mzee aliingia kutoka kushoto, akampisha mtoto, akafika, akakiweka kiti chini, akakibonyeza.

Mama hakuinuka. Alikaa na mkono wake palepale, halafu mkono ukalegea wenyewe.

"Ona," alisema. "Ona anavyokipima. Kiti cha kwanza mguu ulikuwa umepasuka, nikataka kukalia hivyohivyo, akasema ngoja. Ngoja, akasema, una haraka gani?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu kilichokuwa kimewekwa mahali kwa mwaka mzima. "Ndiye. Rudisha."

Mama Mkato akarudisha.

"Rudisha tena. Nawe, mwanangu, waite watoto, waje waone babu yao anavyotembea."

Watoto walikuja mbio, wakatazama, wakangoja cheko ambalo halikuja. Mkubwa wao alinong'ona, "Mbona babu yuko taratibu leo?"

"Leo!" alisema bibi yake. "Kaa hapa. Sogea."

Jumamosi familia ilikutana. Walizicheza zile sekunde tisa ukutani, na mama alikaa mstari wa mbele tangu mwanzo hadi vikombe vilipokusanywa. Ile ya kumi na nane hakuna aliyeiulizia.

Wiki mbili baadaye, kwa ruhusa ya familia, Mkurugenzi aliichukua video aliyoambiwa kuwa ilimfanya mjane akae, akaiweka ya kwanza kabisa katika mafunzo ya wafanyakazi wapya. Huwaonyesha kwenye skrini kubwa, hupunguza taa, na mzee anapokibonyeza kiti huwaambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo sasa ndiyo nguvu ya mwendo wa pole. Mama Mkato hukaa nyuma na hakati maneno. Kasi ya video hiyo ni asilimia mia moja.